Mabega Yaliyo Chini ya Uso Wako

Mpendwa Mama,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na ninalitaja kwanza kabla sijaogopa. Ile picha iliyo kwenye jalada la programu ya mazishi yako, ile ambayo watu waliishika kule Bungoma wakasema "ndiye huyu kabisa", si yako yote. Uso ni wako. Meno ni yako, pamoja na pengo. Lakini kuanzia chini ya kidevu, Mama, ni mimi. Shingo ni yangu na mabega ni yangu. Nilivaa gauni lako la kijani siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya kukuzika, nikapigwa picha, na kichwa chako kikawekwa juu yangu.

Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa upendo. Upendo ulikuwepo. Lakini kilichonitoa nyumbani siku ile ni hasira, na wa kwanza kunikasirisha ni wewe.

Unajua ulituachia picha ngapi? Nilizitafuta Jumatatu, siku uliyofariki, kwa sababu Mjomba Jafeti alisema programu haiwezi kuanza kuandikwa bila picha ya jalada. Nilifungua simu yako. Ile alama ya kuifungua unayochora kwa kidole gumba ninaijua tangu darasa la saba. Nikakuta picha za magunia ya viazi. Picha za risiti. Picha yangu nikiwa na sare siku nilipomaliza mtihani wa mwisho, na picha mbili za mlango wa choo ambao ulitaka mwenye nyumba aurekebishe. Wewe hukuwemo. Umekaa Bondeni, hapa Nakuru, miaka kumi na tisa, umeuza viazi sokoni mpaka kila mtu akakuita Mama Waru, yaani Mama Viazi, na kwenye simu yako mwenyewe hukuwemo hata kivuli.

Ulikuwa unazifuta. Mtu akikupiga picha, unasema, "Hebu nione," unachukua simu, unakunja uso, unafuta. "Uso wangu ni wa kazi, si wa picha." Nilikuwa nikicheka uliposema hivyo. Siku ile sikucheka. Nilikaa kitandani kwako na simu mkononi nikasema kwa sauti, peke yangu, "Ulifikiri hatutakuhitaji?" Na nikakukasirikia kwa namna ambayo sikujua mtu anaweza kumkasirikia maiti.

Jumanne jioni wakaja. Unajua nyumba yetu, watu kumi tu wakikaa inajaa. Mjomba Jafeti alikaa kiti chako kwa sababu ndiye mwenyekiti wa kamati, na ndiye kaka yako mkubwa. Auntie Rose, dada yako, alikaa karibu na dirisha na bahasha yake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Hakuna aliyeniuliza kitu isipokuwa kama sukari ipo.

Mjomba akatoa simu akasema, "Mambo ya picha yasitupotezee wakati. Tuko nayo tayari." Akaizungusha ili wote waone.

Ilikuwa ile ya wodini.

Nilikuwepo siku alipoipiga, Mama, na wewe unajua. Ulikuwa na mpira puani kwa sababu koo lilikuwa limefunga, chakula hakipiti. Nywele zilikuwa zimekwisha. Mjomba aliinua simu, nawe ukavuta shuka mpaka machoni, ukamwambia kwa ile sauti yako ya mwisho iliyokuwa kama upepo, "Jafeti, usinipige." Akasema, "Ni ya bango la mchango, dada. Watu wakiona watasaidia." Akangoja. Mkono wako ulipochoka, shuka ikashuka. Hapo ndipo akapiga. Bango likazunguka kwenye kila grupu tunalolijua na mengine hatuyajui. Wanafunzi wenzangu waliliona. Mmoja alinitumia akiniuliza kama ni wewe: "Kwani huyu si mathako?"

"Hii ndiyo watu wanaijua," Mjomba akasema. "Nakuru nzima imeiona. Dizaina atakata hapa juu ya shuka, atoe mpira, aweke maua. Imeisha hiyo."

"Jafeti, mtu hawezi kuzikwa na sura ya wodi," Auntie Rose akasema. "Mama hajaiona hiyo. Unataka aione kwa mara ya kwanza kwenye programu, akiwa ameketi mbele ya jeneza?"

Hapo alisema kweli. Kukhu, mama yako, hakukuona tangu uugue. Walimficha. Kila alipopiga simu aliambiwa kwamba umelala, kwamba umekula uji, kwamba unaendelea. Kwake wewe ulikuwa bado yule mtoto wake mnene mwenye mabega mapana aliyekuja Krismasi na gunia la viazi kwenye buti ya basi.

"Basi toa yako," Mjomba akamwambia.

Auntie akafungua bahasha. Picha yako ya harusi. Una miaka ishirini na miwili, nyusi zimechorwa, midomo imefungwa kuficha pengo. Baba yuko kando yako, na kwa kuwa Baba alituacha na hakuna anayetaka kumwona, Auntie alikuwa tayari ameshamkata kwa mkasi. Lakini mkono wake ulikuwa umekushika begani, na mkasi haukuweza kuutoa. Kwa hiyo ulikuwa pale na vidole vinne vya mtu asiyekuwepo vimekaa juu yako kama miguu ya kaa.

"Huyu ni nani?" mtoto wa jirani akauliza. Alikuwa amekuja kuomba maji. Umemuuzia viazi tangu azaliwe.

"Ni Mama Waru, we, kwani huna macho?" Auntie akamjibu.

"Si yeye," mtoto akasema, akanywa maji yake akaenda.

Nilitaka kusema kwamba mtoto amesema kweli. Nilitaka kusema pia kwamba ile ya wodini ulikataa. Maneno yalifika mpaka hapa kwenye meno. Unanijua. Shuleni walimu waliandika "mtulivu" kila muhula na wewe ulikuwa ukisoma kwa fahari. Mimi sikuwa mtulivu, Mama. Nilikuwa mwoga. Nikamimina chai.

Wakaamua itumike ya harusi. Auntie akasema dizaina ataondoa vidole, aondoe na shela, akuvalishe suti. "Na amng'arishe kidogo, na alizibe lile pengo kama linaonekana." Hivyo ndivyo wanavyofanya siku hizi. Ukipita kwenye maduka yale ya kuchapisha mjini utaona programu zilizobandikwa dirishani: wakulima, mafundi wa baiskeli, wauza mboga, wote wamevaa suti ileile nyeusi yenye kola nyeupe, nyuma yao mawingu ya buluu. Kana kwamba mlango wa mbinguni una sare.

Jumatano saa tano dizaina akatuma sampuli kwenye grupu la familia. Jina lako lilikuwa limeandikwa vizuri kwa rangi ya dhahabu: Beatrice Nekesa. Chini ya jina, mwaka uliozaliwa na mwaka uliofariki. Na juu ya jina, mwanamke mmoja mweupe kiasi, shingo nyembamba, suti, meno hayaonekani, macho yako lakini ya miaka ishirini iliyopita. Watu wakaanza kuweka mikono ya kuomba. Mjomba akaandika, "Safi sana." Auntie akaandika, "Amependeza dada yangu."

Kisha ikaja sauti ya Kukhu. Binamu aliyeko nyumbani Bungoma alikuwa amemwonyesha kwenye simu, na alirekodi alichosema. Niliisikiliza sokoni, nikiwa nakusanya madebe yako kwa jirani yako wa kibanda. Kukhu alizungumza Kibukusu, polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Huyu mwalimu ni wa wapi? Mbona mmemwekea jina la mtoto wangu?"

Kisha binamu anasikika akimweleza kwamba ni wewe, ni picha ya zamani. Na Kukhu akasema, "Sitakaa mbele ya sanduku na mtu nisiyemjua. Nionyesheni mtoto wangu."

Baada ya karibu saa nzima Mjomba akaandika: "Mama ni mzee, macho yamechoka. Lakini tusigombane. Turudi kwa ile ya kwanza, watu wanaijua. Kesho saa kumi programu inaingia kwenye mashine. Mwili unatoka mochari Ijumaa asubuhi, hatuna siku nyingine." Watu wakaweka vidole gumba. Hata Auntie Rose, ambaye alikuwa amesema kweli siku moja kabla, naye aliweka. Nilimkasirikia yeye kuliko Mjomba. Mjomba hajui. Yeye alijua.

Sasa nikwambie jambo la pili. Kulikuwa na picha moja, na nilikuwa nimekuibia.

Unakumbuka Dundori, likizo ile ya kidato cha tatu, tulipopanda kwa yule mkulima kuchagua mbegu? Baridi ilikuwa kali na ulikuwa umevaa tishati ya njano ya kampeni uliyogawiwa barabarani, uso wa mwanasiasa umejaa kifua kizima. Ulikuwa umeinama kufunga gunia, ndama akaja akaanza kuulamba ule uso. Alianzia shavuni. Ukajaribu kumsukuma, akarudi. Ukasema, "Huyu hata kura hana, na bado anambusu!" Ukacheka ile cheko yako ambayo kichwa kinaenda kushoto na bega la kulia linapanda mpaka linagusa sikio. Nikapiga picha kwa simu yako. Ulipodai uone, nilikuwa nimeshaituma kwenye ile simu yangu ndogo ya likizo. Ukafuta yako. Yangu ilibaki. Mwaka mzima niliificha kwenye folda ya hesabu.

Alhamisi saa mbili asubuhi niliichukua simu ile nikaenda mjini. Sikumuaga mtu.

Dizaina ni mwanamke, anaitwa Shiro. Saiba yake, kiduka cha kompyuta na uchapishaji, iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbolea, na ngazi zinanuka mbolea hiyo. Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka akasema bila kugeuka, "Sister, ukisimama hapo utanizibia mwanga. Ingia ama utoke."

Nikasema, "Mimi ni wa Beatrice Nekesa."

Akageuka. "Pole, mrembo. Ni ile inabadilishwa kila saa." Kwenye kompyuta yake nilikuona. Uso wa wodi ulikuwa umeshakatwa, mpira umetolewa, na mahali ulipopita kwenye mdomo alikuwa amepaka ngozi. Mdomo ulikuwa umepinda. Niligeuka nikatazama ukuta.

Nilimpa simu yangu. Aliitazama picha ya Dundori muda mrefu, kisha akatabasamu, kisha akaacha.

"Huyu sasa ni mtu," akasema. "Lakini kuna mambo mawili. Ya kwanza, hii ilipitia WhatsApp, ikabanwa. Ile halisi iko wapi?"

"Alifuta."

"Basi hatuwezi kuikuza sana. Kwa programu uso utakuwa kama kiganja hivi, itakubali. Ile kubwa ya kuweka kwa fremu mbele ya jeneza, nikiivuta atakuwa madoadoa. Mwambie mwenyekiti achukue fremu ndogo. Ya pili ni hii." Akaweka kidole kwenye kifua chako. "Huyu bwana hawezi kuingia kanisani. Nusu ya watu wenu walimpigia kura, nusu wanamtukana. Watu watazikana wao kwa wao."

Nikamwambia akate tishati. Akasema akikata tishati atabaki na kichwa, na kichwa lazima kikae juu ya kitu. Akafungua folda ya suti. Zilikuwa nyingi ajabu, za kike, za kiume, za watoto hata, zote hazina vichwa. Akakujaribisha moja. Kichwa chako kilikuwa kimeinama kushoto kinacheka, na suti ilikuwa imesimama wima kama inangoja kuapishwa. Ulionekana kama umevunjika shingo. Akajaribu ya pili. Ya tatu, shingo ilikuwa ya rangi nyingine. Ya nne ilikuwa na mkufu wa lulu, na sote wawili tukasema "hapana" kwa pamoja.

"Shida ni hilo bega," Shiro akasema. "Anacheka na bega. Hakuna anayepiga picha ya suti akicheka na bega."

Simu yake ikalia. Alikuwa Mjomba. Aliiweka mezani nikasikia: "Boss, hiyo ya hospitali iko aje? Umenizibia hapo mdomoni? Fanya haraka."

"Inaendelea, mzee," akasema, akakata. Akaniangalia. "Una mpaka saa tisa na nusu. Nikipeleka kwa mashine siwezi kurudisha. Kurasa nane, lazima zikunjwe na kupigwa pini leo."

Sijui ni nani aliyesema lililofuata. Sauti ilikuwa yangu lakini haikuomba ruhusa. "Mabega yangu ni kama yake," nikasema. "Nikivaa gauni lake, utaweza?"

Alinitazama kama fundi anavyotazama mbao. Akanizungusha. Akanishika mabegani, upande huu na huu. "Wewe ni mwembamba," akasema. "Lakini mfupa ni mmoja. Kimbia."

Nilikimbia mpaka Bondeni. Nyumbani Auntie Rose alikuwa sebuleni na wamama wa kanisa wakiimba. Nilipita nikaenda chumbani kwako nikatoa lile gauni la kijani lenye vifungo vikubwa, lile la kila harusi na kila ubatizo. Nililitia kwenye mfuko pamoja na sweta mbili. Auntie akaniuliza, "Unapeleka wapi nguo?" Nikasema, "Kwa fundi." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumdanganya mtu mzima bila kutazama chini.

Saiba, nyuma ya pazia, nilivaa sweta zako mbili kwanza na gauni juu. Lilinuka wewe, Mama. Lilinuka jasho na sabuni na viazi. Nilikaa kidogo nyuma ya pazia. Shiro hakuniita.

Akanisimamisha karibu na dirisha. Alisema mwanga wa Dundori ulitoka kulia, na hapa pia lazima utoke kulia, la sivyo kivuli cha kidevu kitaanguka upande usiofaa na watu watahisi kuna kitu hata kama hawajui ni nini. Akaniambia niinamishe kichwa kushoto. Niinue bega la kulia. Akapiga. Akatazama. "Hapana. Umeliinua, halijacheka."

Akapiga tena. Akapiga mara nyingi. Kila mara bega lilikuwa bega la mtu anayebeba debe.

"Lazima ucheke," akasema.

"Siwezi."

"Najua."

"Mama yangu yuko mochari," nikamwambia, na nilikuwa nimekasirika sasa, nimekasirika mpaka magoti. "Mjomba anataka kumchapisha akiwa na mdomo uliopinda. Auntie anataka aonekane mweupe. Nyanya yangu hajui mtoto wake alikufa akiwa na kilo ngapi. Na wewe unaniambia nicheke!"

Hakukasirika. Alishusha simu akauliza, "Kwani yeye alikuwa anacheka nini hapo?"

Nikamwambia. Nilianza kwa hasira hiyohiyo. Nikamwambia habari ya ndama, na ile tishati, na alivyoanzia shavuni. Nilipofika pale uliposema hata kura hana, Shiro akasema, "Na ulimi wa ndama vile uko kama msasa, huyo mheshimiwa aling'aa mpaka akaonekana mwaminifu." Nikacheka. Ilinitoka tu, kama chafya. Bega likapanda lenyewe. Shiro akapiga wakati uleule. Kisha cheko iligeuka katikati ikawa kitu kingine, na akanishika nikiwa ndani ya gauni lako.

Baadaye nilikaa kando yake nikaona alivyotushona. Alikata uso wako polepole sana, akizunguka nywele moja moja, akatuunganisha chini ya taya mahali ambapo kivuli ni kizito. Mimi ni mweupe kidogo kuliko wewe. Alinitia weusi mimi. Nilimuuliza mbona asikung'arishe wewe kama Auntie alivyotaka. Akasema, "Mtu akimbadilisha marehemu rangi, watu wake wanapotea." Kisha akachapisha moja kwenye karatasi ya kawaida, kwa sababu kioo cha kompyuta kinang'aa na karatasi inazidisha giza. Kwenye karatasi macho yako yalikuwa yamezama. Akaongeza mwanga machoni tu. Akachapisha tena. Akaishika mbali, mkono umenyooka, akafumba jicho moja. "Hivi ndivyo nyanya ataiona bila miwani." Akaweka ukuta wa kijivu nyuma yako. Mawingu aliyaacha kwenye folda.

Ujumbe wa Mjomba ukaingia: dizaina azibe pengo la meno. Shiro akanisomea, akaniachia mimi. "Nimwambieje?"

"Hapana," nikasema. "Mwambie hapana."

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Aliituma kwenye grupu kwa jina lake, akaandika tu kwamba familia imepata picha nyingine. Nilikaa nimeshika magoti, nikiwa bado ndani ya gauni lako. Tuliona alama za kusomwa zikigeuka buluu moja baada ya nyingine. Shiro akazima feni ili asikie simu vizuri, kana kwamba feni ilikuwa ndiyo shida.

Ikaja sauti ya Kukhu. Kwanza kulikuwa na kuku nyuma yake, kisha pumzi. Kisha akasema, "Ee. Huyu ndiye. Anacheka mpaka bega." Akaanza kulia, na binamu hakujua jinsi ya kuzima kurekodi, kwa hiyo tulimsikiliza mpaka mwisho.

Baada ya hapo wakafunguka. Auntie Rose: "Jamani lile gauni! Hiyo ni harusi ya Bahati, nilikuwa nimekaa kando yake!" Binamu mwingine akasema hapana, ni ubatizo. Na Mjomba Jafeti, Mama, Mjomba Jafeti akaandika, "Naikumbuka. Mimi ndiye niliyeipiga hiyo."

Niliisoma mara tatu. Shiro aliona uso wangu akasema, "Wacha apige. Muhimu ni mashine."

Sikuacha. Hasira hii bado ninayo ninapokuandikia. Aliyekupiga picha ukimwambia "usinipige" sasa ndiye aliyekupiga ukicheka. Kanisani kule nyumbani alisimama akainua programu mbele ya watu wote akasema, "Hivi ndivyo dada yangu alivyokuwa, nilimnasa mwenyewe," na watu wakasema amina. Kukhu alikaa mbele ya sanduku na programu mapajani, kidole juu ya uso wako, hakuitoa hata wakati wa kutupa udongo. Mimi nilikuwa nyuma yake. Kila aliyeinua programu kujipepea alikuwa anajipepea na mabega yangu, na nilikuwa nimekaza meno.

Wiki mbili zimepita. Jana Mjomba alikuja Bondeni. Anataka picha ile iwekwe kwenye kigae cha kaburi, kile cha kauri ambacho picha huchomwa juu yake ili mvua isiifute, na mwenye kutengeneza amemwambia alete ile halisi, kabla haijachapishwa.

"Sijui niliweka wapi," akasema. "Simu hizi. Dizaina anasema faili uko nayo wewe."

Nilikuwa nimeshika birika tena. Nililiweka chini.

"Niko nayo," nikasema. "Futa kwanza ile ya hospitali."

"Ile ya nini?"

"Ile aliyokwambia usimpige."

Alinitazama kama vile ndiyo mara ya kwanza kugundua nina mdomo. Nilifikiri atanifokea. Akakohoa. "Ile ilisaidia watu watoe, we msichana. Ulifikiri dawa zilitoka wapi?"

"Najua zilitoka wapi, Mjomba. Asante. Sasa ifute. Na kwa profaili yako, na kwa picha ya lile grupu la mchango, na bango lote."

Alikaa kwenye kiti chako akafuta. Alikuwa hajui namna ya kufuta kwenye grupu, ikabidi nimwonyeshe, kichwa changu karibu na chake. Tulifuta moja baada ya nyingine. Kila moja aliitazama kabla ya kuifuta, na sikutaka kuona hivyo, kwa sababu bado nilitaka kumkasirikia. Alipomaliza akasema, bila kuniangalia, "Alikuwa amekonda sana. Nilidhani nikimpiga, mtu mahali fulani atafanya kitu." Kisha akasema, "Nitumie basi hiyo nyingine. Ile niliyopiga."

Nikamtumia.

Kwa hiyo tutakuwa pale juu ya kaburi, Mama, wewe na mimi, tumechomwa pamoja kwenye kauri. Kukhu ataifuta vumbi kila Jumapili kwa upindo wa leso yake. Mjomba ataendelea kusema ni yake, na Auntie ataendelea kubishana ilikuwa harusi ya nani. Mimi nitanyamaza. Sitanyamaza kwa woga, safari hii. Nimeangalia kila njia ya kusema ukweli na zote zinapita kwa Kukhu.

Bado nimekukasirikia kwa kufuta. Itapungua, nadhani. Lakini haya niliyokuandikia usimwambie mtu huko uliko, hata wale wa kwetu waliokutangulia, maana wakijua wao watamjia Kukhu kwenye ndoto, na Kukhu haachi ndoto bila kuuliza. Yabaki kwako.

Lala, Mama. Nenda salama.

Ni mimi, binti yako wa pekee